Halmashauri ipangwe kwa fani, kwa kanda au kwa matriksi? Na wizara je?

*"Niko kitengo cha mipango kwenye halmashauri ya wilaya. Mkurugenzi kanipa mwezi mmoja nilete pendekezo la muundo mpya maana kazi zinachelewa mno. Tuna wakuu 13 wa idara na vitengo, wote wanaripoti kwake. Mshauri mmoja alisema twende matriksi ndo ya kisasa, wakuu wa idara wanataka tubaki hivi hivi, madiwani wanataka wilaya igawanywe kanda tatu kila moja ijitegemee. Rafiki yangu wizarani anasema na wao wanahangaika na hilo hilo. Kipi kinafaa halmashauri, na wizara nayo ifuate huo huo?"*

Ndugu yangu, nikupe jibu kwanza halafu nieleze. Halmashauri ibaki na idara zinazofuata huduma lakini ziwe chache kuliko 13, iongeze nguvu ya kuratibu kule chini kwenye kata, na matriksi, yaani mtu mmoja kuwa na mabosi wawili, itumike sehemu mbili tu, kwa wataalamu waliopo kwenye kata na kwa miradi michache inayogusa idara nyingi. Kanda tatu zinazojitegemea, hapana, na sababu yake ni ya kihesabu kabisa. Wizara ni habari nyingine, nayo nitaifikia.

Kuna kitu kimoja kinawachanganya watu wengi sana hapo mwanzo. Mnajadili kana kwamba sasa hivi mna muundo mmoja safi, wa fani, na mnataka kuhama. Sio kweli. Angalia idara zenu vizuri. Fedha, utumishi, manunuzi, sheria, hizo kweli zimepangwa kwa fani, yaani watu wenye ujuzi mmoja wamewekwa pamoja wakawahudumia wengine wote. Lakini afya na elimu sio fani, ni huduma. Ndani ya afya kuna daktari, muuguzi, mfamasia, mtu wa takwimu, dereva, wote wamekusanywa kwa sababu ya matokeo wanayoyatafuta na sio kwa sababu ya cheti walichosomea. Huo kwa kiasi kikubwa ni muundo wa divisheni. Luther Gulick, mtaalamu wa utawala wa Marekani, aliliandika hili mwaka 1937, kwamba kazi ya serikali unaweza kuigawa kwa njia nne: kwa lengo, kwa aina ya utaalamu, kwa watu unaowahudumia, au kwa eneo, na kila ukichagua moja iwe ya kwanza zile tatu nyingine hazifi, zinarudi ngazi ya chini kudai nafasi yao. Ndo maana hakuna halmashauri wala wizara utakayoikuta ina aina moja tupu. Kwa hiyo swali la kupeleka kwa mkurugenzi sio "tuchague upi" bali "tukate kwa kigezo gani ngazi ya kwanza, na kigezo gani ngazi ya pili".

Tuanze na kanda maana naona ndo zenye presha ya kisiasa. Wazo la divisheni zinazojitegemea lilikomaa kwenye makampuni makubwa ya Marekani miaka ya 1920, DuPont na General Motors ya Alfred Sloan. Lilifanya kazi kwa sababu moja ambayo watu huwa wanaisahau. Makao makuu yalikuwa yanaweza kumwacha mkuu wa divisheni afanye anavyotaka mwaka mzima kwa sababu mwisho wa mwaka kulikuwa na namba moja inayosema kama kafanya vizuri, nayo ni faida kwa mtaji aliopewa. Uhuru ulilipiwa na hiyo namba. Sasa mkuu wa kanda kwenye halmashauri utampima kwa namba gani? Vifo vya wajawazito, ufaulu, kilomita za barabara, mapato, malalamiko ya wananchi? Hakuna namba moja inayozibeba zote, na makao makuu yasipoweza kumpima mtu kwa matokeo yanaanza kumdhibiti kwa vibali. Utaona wanampa kanda mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu wanataka kila hati ya malipo ipite kwa mweka hazina kwanza, mwezi wa sita kanda imebaki ni ngazi moja zaidi ya faili kusimama.

Halafu kuna hesabu ya wataalamu. Chukulia mna wahandisi wanne wa ujenzi, mhandisi mmoja wa maji, mpima ardhi mmoja na maafisa manunuzi wawili. Gawanya kwa kanda tatu. Kanda moja inapata wahandisi wawili na nyingine mmoja mmoja, maji na upimaji kanda mbili hazina mtu kabisa, manunuzi kanda moja haina. Hiyo siku ya kwanza tu. Siku mhandisi wa kanda B akienda likizo hakuna wa kumshikia, na hata akiwepo, nani anakagua mchoro wake? Bosi wake wa kanda labda ni mtu wa utawala, hajui nondo ya daraja inatakiwa iwe unene gani. Kwenye idara moja ya ujenzi wahandisi wanne wanakaguana, wanafundishana, mmoja akiugua kazi inaendelea. Divisheni inahitaji ujirudufu wa watu na vifaa, na halmashauri nyingi hazina hata ile seti moja iliyokamilika. Ikama haitaongezeka kwa sababu mmechora chati mpya.

Na bajeti. Hapa ndo nasisitiza kuliko pote. Fedha za serikali zinafuata vifungu, vifungu vimefungwa kwa idara au programu, na mwenye dhamana ya matumizi yote ni ofisa masuuli mmoja ambaye kwenu ni mkurugenzi. Mkaguzi akileta hoja anamwandikia yeye, haandikii kanda. Mkuu wa kanda asiye na kifungu chake cha bajeti na asiyeweza kuidhinisha hata mafuta ya pikipiki hana mamlaka yoyote, ana ofisi tu. Kwa hiyo madiwani wakiendelea kudai kanda waulizeni kwa heshima kabisa: kanda itakuwa na kifungu gani, kiwango gani cha kuidhinisha, na nani atajibu hoja za ukaguzi? Kama hakuna jibu, wanachokitaka sio divisheni, wanataka mtu wa karibu anayeweza kuwasikiliza na kusukuma mambo. Hilo ni dai halali kabisa na lina dawa yake, nitalirudia.

Sasa matriksi. Kuiita ya kisasa ni kukosea umri wake. Ilienea Marekani miaka ya 1960 kwenye viwanda vya ndege na vyombo vya anga, kwa sababu serikali iliyokuwa inanunua ilitaka mtu mmoja wa kumuuliza kuhusu kila mradi, wakati huo huo kiwanda hakikutaka kutawanya wahandisi wake kwenye kila mradi. Wakaamua mhandisi awe na mabosi wawili, wa fani na wa mradi. Angalia mazingira yake: miradi ina tarehe ya mwisho, wataalamu ni adimu na wa gharama, na pande zote mbili zina uzito sawa kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Stanley Davis na Paul Lawrence, ambao ndio waliouchambua muundo huu kwa kina, walisema uutumie pale tu masharti matatu yakikutana: unasukumwa kutoka nje kutazama pande mbili kwa wakati mmoja, taarifa za kuchakatwa ni nyingi kuliko uwezo wa bosi mmoja, na rasilimali lazima zigawanwe. Wakaorodhesha na magonjwa yake, kugombania madaraka, watu kutojua wanaripoti kwa nani, maamuzi kuganda kwa sababu kila kitu kinaamuliwa na kikao. Mshauri wenu angewaambia na hayo.

Lakini kuna ukweli mmoja hapa ambao ukiukwepa pendekezo lako litakuwa bovu. Matriksi tayari mnayo, hamjaichora tu. Mchukulie afisa ugani wa kata. Kitaaluma yuko chini ya mkuu wa idara ya kilimo, kiutawala yuko chini ya mtendaji wa kata. Alhamisi asubuhi anapokea ujumbe kutoka idarani, aje makao makuu kuchukua mbegu za shamba darasa. Saa moja baadaye mtendaji anampigia, leo kuna mkutano wa hadhara na wananchi wana hasira juu ya mifugo iliyoingia mashambani, usipoonekana tutagombana. Anaenda wapi? Mimi nimewauliza maafisa wa aina hii swali hilo mara nyingi na jibu lao ni lile lile: anaenda kwa yule anayejaza fomu yake ya tathmini na kusaini likizo yake. Ana mabosi wawili, ila miguu yake inamfuata bosi mmoja.

Hapo ndipo unapoweza kufanya kazi ya maana, na haihitaji kuhamisha ofisi hata moja. Andikeni nani anaamua nini kwa huyu mtu. Idara iamue kazi ifanywe vipi na kwa kiwango gani, yaani mbegu ipi, dawa ipi, kipimo gani, mafunzo gani, na isiingiliwe kwenye hilo. Mtendaji wa kata aamue lini na wapi, kijiji kipi kinaanza, siku ipi ya wiki. Tathmini ya mwaka ijazwe na mmoja, mimi ningempa mtendaji kwa sababu ndiye anayemwona kila siku, lakini sehemu ya utaalamu ijazwe na mkuu wa idara na isiweze kufutwa na mtendaji. Likizo na nidhamu ndogo ndogo asaini mtu mmoja, asiwepo wa pili. Upandishwaji cheo unabaki kwenye fani maana miundo ya utumishi ndivyo ilivyo, afisa kilimo anapanda kama afisa kilimo. Na wawekeeni ratiba: ikifika Ijumaa wiki ijayo inajulikana, idara ikitaka kumvuta nje ya ratiba inamwomba mtendaji, haimpigii yeye moja kwa moja. Wakishindwana wanapeleka kwa mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo, na huyo ana siku mbili za kuamua. Ukurasa mmoja tu unatosha haya yote.

Mnapoandika huo ukurasa mtagundua kitu: mtendaji wa kata akipewa haya madaraka pamoja na kiasi kidogo cha fedha anachoweza kutumia bila kuomba, lile dai la madiwani la mtu wa karibu linakuwa limejibiwa kwa sehemu kubwa, na hamjamgawanya mhandisi hata mmoja.

Matriksi ya pili ni ya miradi, na hapa nina kisa. Nilishawahi kuitwa na halmashauri moja iliyopenda sana hii kitu ikateua viongozi wa miradi minne kwa mpigo, kila mmoja akaandikiwa barua kwamba atamtumia mhandisi wa ujenzi "kwa nusu ya muda wake". Mhandisi alikuwa huyo huyo mmoja. Nusu mara nne ni mbili, yaani alitakiwa awe watu wawili, na bado mkuu wake wa idara alikuwa na kazi zake za kawaida. Hakuna aliyepiga hiyo hesabu kwa sababu barua zilitoka wiki tofauti. Yule kijana alianza kukwepa simu, miradi yote minne ikachelewa, lawama zikamwangukia yeye. Niliumia sana kumwona anaandikiwa barua ya kujieleza kwa kosa la chati. Toka siku hiyo nasema mtaalamu mmoja asiwekwe kwenye miradi zaidi ya miwili, na mgawo wa muda wake uandikwe na mkuu wake wa idara, sehemu moja, jumla isizidi mia kwa mia.

Tuupitishe mfano hadi mwisho. Mna mradi wa vyoo na maji kwa shule 12. Unagusa elimu, afya, maji, ujenzi na manunuzi. Kwa njia ya kawaida faili linaanzia elimu, linakaa siku nne za kazi, linapanda kwa mkurugenzi siku mbili, linashuka afya siku nne, linapanda tena, hivyo hivyo mpaka manunuzi. Idara tano kwa siku nne ni 20, mapito manne kwa mkurugenzi kwa siku mbili ni 8, jumla siku 28 za kazi, karibu wiki sita, na hapo hakuna aliyerudisha faili kwa marekebisho. Mhandisi wa maji akisema chanzo kwenye shule mbili hakitoshi na michoro ibadilike, unaanza upya. Hakuna mvivu hapo, kila mtu kafanya kazi yake ndani ya siku nne. Kinachokula muda ni ule mtindo wa kupanda na kushuka.

Sasa weka timu. Kiongozi ni afisa kutoka elimu, barua yake ya uteuzi inasainiwa na mkurugenzi, inataja tarehe ya kuanza na tarehe ya timu kuvunjwa, inataja watu watano kwa majina na kila mmoja ametoa siku ngapi kwa wiki, inataja kiongozi anaweza kuamua nini bila kupanda juu (mfano kubadilisha mpangilio wa shule zipi zianze, kurekebisha mchoro ilimradi gharama haizidi bajeti iliyopitishwa) na nini hawezi kabisa, hasa kusaini malipo na kuchagua mzabuni, hizo zinabaki kwenye njia zake za kisheria. Wanakaa mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, na mwakilishi wa idara anakuja na madaraka ya kuisemea idara yake. Hiki kipengele cha mwisho ndo kinachoua timu nyingi. Mtu akija kikaoni kila suala anasema "ngoja nikamuulize mkuu", hamna timu hapo, mmeongeza kikao juu ya mlolongo wa zamani. Ukiona hivyo mara mbili mfululizo rudi kwa mkuu wa idara, omba mtu mwingine au aje mwenyewe.

Turudi kwa wakuu 13. Mwaka 1933 mshauri wa usimamizi aitwaye Graicunas alitoa hesabu ya kuonyesha mahusiano yanayomzunguka bosi yanavyokua, akahesabu bosi na kila mmoja, bosi na makundi yao, na wao kwa wao. Wasaidizi watano wanaleta mahusiano 100, ukiongeza wa sita yanakuwa 222. Kwa 13 hesabu inatoa 53,404, namba ambayo hakuna anayeiishi kihalisia maana wakuu wengi hawana kazi ya pamoja. Lakini mwelekeo ni wa kweli: kila anayeongezwa anakuja na mahusiano yake na wote waliopo, na pale idara zinapotegemeana migogoro yote inamwishia mkurugenzi. Kupunguza inawezekana, ila msiunganishe kwa sababu majina yanafanana. Unganisheni idara zinazoshirikiana mafaili. Kama ujenzi na maji wanagongana kila wiki kwenye mitaro na mabomba, waweke chini ya mkuu mmoja na ugomvi wao uishie kwake. Kama hawakutani kabisa, kuwaunganisha ni kuongeza ngazi tu. Na kuna vitengo visiguswe: ukaguzi wa ndani usiwekwe chini ya fedha hata kama unaonekana mdogo, maana huwezi kumkagua anayejaza tathmini yako.

Kabla ya yote haya lakini, kuna kazi ya wiki mbili ambayo nakuomba uifanye, na ndiyo itakayolipa uzito pendekezo lako kuliko nadharia yoyote. Tafuta mafaili 20 ya mwaka uliopita ambayo kila mtu anakubali yalichelewa. Kila moja andika tarehe lilipoingia na kutoka kwenye kila meza, mihuri ya masjala itakusaidia. Halafu angalia siku nyingi zimelala wapi. Zikilala ndani ya idara ile ile moja, hiyo sio ishu ya muundo, ni upungufu wa watu, ujuzi au vitendea kazi, na muundo mpya utauhamisha ugonjwa na kuupa jina lingine. Zikilala kati ya idara na idara, hapo timu za mradi ndo dawa. Zikilala kwenye meza ya mkurugenzi, dawa ya kwanza ni kukasimu madaraka kwa maandishi, yaani wakuu wa idara wasaini wenyewe mambo ya chini ya kiwango fulani, inafanyika kwa barua moja na mara nyingi inaokoa muda kuliko kuhamisha idara nzima. Nimeona mahali walipokuwa wameshaanza kuchora muundo mpya, walipohesabu mafaili wakakuta zaidi ya nusu ya siku ziko kwenye kusubiri sahihi moja ya ruhusa za safari. Waliacha kuchora.

Kwa rafiki yako wa wizarani, asikopi hii. Wizara haitoi huduma mlangoni kwa mwananchi kwa sehemu kubwa, inatunga sera, inaweka viwango, inagawa fedha, inakagua. Hiyo ni kazi ya utaalamu wa kina na kauli moja, na hapo idara zinazofuata huduma juu, na fani ndani yake, zinafaa zaidi. Swali hili ni la zamani. Kamati ya Haldane Uingereza ilikaa nalo na kutoa ripoti mwaka 1918, ikauliza wizara zigawanywe kwa makundi ya watu, kama vile watoto, maskini, wasio na ajira, au kwa huduma kama elimu na afya. Ikachagua huduma, kwa hoja kwamba ukigawa kwa makundi ya watu kila wizara italazimika kuwa serikali ndogo yenye kila kitu kwa ajili ya watu wake, na utaalamu hautakomaa popote. Mimi naona hoja hiyo bado imesimama. Gharama yake ni kwamba mambo ya mtu mmoja yanatawanyika, mtoto mwenye ulemavu anakuwa na faili elimu, afya na ustawi wa jamii, na hilo ndilo linalohitaji timu za pamoja zenye muda maalumu, mfano wakati wa kuandaa muswada, sensa au kampeni ya chanjo. Timu ikimaliza ivunjwe, watu warudi kwenye idara zao. Ikifika mwaka wa tatu bado ipo, imeshakuwa idara bila kuwa na kifungu wala mwenye kuwajibika.

Kama wizara hiyo ina kipande kikubwa cha uendeshaji, tuseme kukagua magari au kutoa vyeti, kazi zinazojirudia na zenye namba za kupimika, hapo divisheni inaingia vizuri sana kwa mfumo wa wakala. Uingereza ilianza njia hiyo mwaka 1988 na wakala wake wa kwanza ulikuwa wa kukagua magari. Unaona mantiki? Kazi ya aina moja, unaweza kuhesabu magari mangapi, siku ngapi, kwa gharama gani, basi mkuu wake unaweza kumpa uhuru na ukampima. Ni ile ile sababu ya Sloan. Kutunga sera ya maji huwezi kuipima hivyo, kwa hiyo usiipeleke kwenye wakala.

Mwisho kuna mambo ambayo usiyafanye kwa kusoma majibu yangu peke yake. Mara nyingi orodha ya idara za halmashauri imewekwa na sheria au waraka wa serikali kuu, na baraza halina uwezo wa kuibadilisha kwa azimio, kwa hiyo kaa na mwanasheria wenu kabla hujachora chochote. Ukiunganisha idara kuna mkuu atakayepoteza cheo na posho, hapo muingize ofisa utumishi mapema, na huyo mtu aambiwe ana kwa ana na mkurugenzi kabla karatasi haijafika kwenye kikao. Na kama katika yale mafaili 20 utaona yanasimama kila mara baina ya watu wawili wale wale bila kujali mada ni nini, huo ni mgogoro wa watu, mkurugenzi atafute mtu wa nje wa kukaa nao wote wawili chumbani, na pendekezo la muundo lisubiri mpaka hapo. Unaweza kuanza na ukurasa wa afisa ugani na mtendaji kwenye kata mbili tu, miezi mitatu, hauhitaji kibali cha mtu zaidi ya mkurugenzi wako, na mwisho wa hiyo miezi waulize wale maafisa wawili swali la Alhamisi tena.